Onyo Lililobaki Riyadh

Kwenye boksi la mwanasesere aliyenunuliwa Riyadh kuna mstari mmoja wa Kiarabu ambao Mswahili yeyote akisomewa polepole ataelewa nusu yake bila kufundishwa. Unasomeka hivi: tahdhir, ghairu munasib lil-atfal duna sinni 36 shahran, khatar al-ikhtinaq, ajzaa saghira. Tahdhir ni tahadhari yetu. Khatar ni hatari. Ajzaa ni wingi wa juzuu, yaani sehemu ya kitu kizima. Saghira ni ile saghiri ya kamusi zetu, kidogo. Shahr ni mwezi, na ndilo lililotupa mshahara, malipo ya mwezi. Hata ghairu tunalo ndani ya bighairi. Maneno haya yalishuka pwani na majahazi karne nyingi kabla ya plastiki kuvumbuliwa, yakapanda bara na wafanyabiashara, walimu na askari. Sasa yamerudi tena hadi Kisii na Nyamira kwa njia nyingine kabisa, ndani ya picha za simu.

Nimekuwa nikikusanya picha hizo kwa miezi kadhaa. Zinatoka kwa watu wenye ndugu Saudia, Katari na Imarati, na kwa wauza vitu vya watoto wa Daraja Mbili mjini Kisii na wa Keroka, pale ambapo kaunti hizi mbili hugusana. Kinachonivutia si ile michezo yenyewe. Nataka kujua onyo fupi hivi lilitoka wapi, kwa nini limeandikwa kwa ukali namna hiyo, na kwa nini likifika kwa nyanya anayelea mjukuu huko Nyamira huwa limeshapotea.

Historia ya onyo hili haianzii Uarabuni. Inaanzia Marekani, na inaanzia kwa kipimo kabla ya maneno. Mwishoni mwa 1978 mtoto wa miaka minne huko Marekani alifariki baada ya kombora dogo la plastiki, lililorushwa na ndege ya kuchezea ya kampuni ya Mattel, kumkwama kooni. Kampuni iliiondoa sokoni ile ndege yenye makombora ya kufyatuka. Wakati huohuo tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ilikuwa ikitafuta jibu la swali linaloonekana la kitoto: kitu kidogo ni kipi? Fundi wa kiwanda na mzazi wanaweza kubishana mpaka jioni, kila mmoja na udogo wake.

Jibu lao lilikuwa kikombe cha chuma. Mdomo wake una upana wa milimita 31.7. Chini kumekatwa kwa mshazari, kwa hiyo kina chake upande mmoja ni milimita 25.4 na upande wa pili 57.1. Kimetengenezwa kufanana na koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu likiwa limetanuka kabisa. Unachukua mchezo, au kipande kinachochomoka mchezo ukiangushwa, ukivutwa au ukipindwa, unakitumbukiza humo bila kukibana. Kikiingia chote, kikazama mpaka kisichomoze juu ya mdomo, basi ni kidogo. Kuanzia Januari 1980 ikawa marufuku nchini humo kuuza mchezo wa watoto wa chini ya miaka mitatu wenye kipande kinachozama katika kikombe kile. Ukitaka kupata picha ya upana huo hapa kwetu, chukua kizibo cha soda. Tofauti ni ndogo sana.

Umri wa miaka mitatu nao haukuokotwa tu. Mtoto mdogo hupeleka kila kitu mdomoni, kwa sababu mdomo ndio mkono wake wa kwanza. Magego ya nyuma, yale ya kusaga, hutoka mwisho, mara nyingi kati ya mwaka wa pili na wa tatu, kwa hiyo kabla ya hapo anang'ata bila kusaga. Njia yake ya hewa ni nyembamba, na kikohozi chake hakina nguvu ya kufukuza kitu kilichokwama. Hapa Kiarabu kina bahati ya neno. Sinn ni umri, na sinn hiyohiyo ni jino. Mzazi wa Riyadh anayesoma duna sinni anasoma chini ya umri, lakini sikio lake lina jino ndani yake. Kiswahili tulichukua umri peke yake, jino tukawa nalo la Kibantu tayari.

Basi kipimo kikapatikana, lakini maneno yakabaki legelege. Kwa zaidi ya miaka kumi maboksi ya Marekani yaliendelea kusema kitu kama "inapendekezwa kwa miaka 3 na zaidi." Ni sentensi ya adabu, na ubaya wake uko hapohapo. Mzazi akiisoma anadhani anaambiwa kuhusu akili. Anasema moyoni: wangu ana miwili na nusu, lakini ni mwerevu, anahesabu mpaka ishirini, ataweza. Ananunua. Hakuna mahali alipoambiwa kwamba mtu hapimi ubongo hapo, ni koo.

Mwaka 1991 watafiti wakiongozwa na Langlois walichapisha utafiti uliogusa jambo hilo moja kwa moja. Waliwauliza wanunuzi kama wangemnunulia mtoto wa kati ya miaka miwili na mitatu mchezo wenye maandishi kwamba unapendekezwa kwa miaka mitatu na zaidi. Asilimia 44 walisema wangenunua. Maandishi yalipokuwa ya kukataza, kwamba haupendekezwi kwa walio chini ya miaka mitatu kwa sababu ya vipande vidogo, waliosema wangenunua walishuka hadi asilimia 5. Mchezo ni uleule, mtoto ni wa umri uleule. Kilichobadilika ni mambo mawili tu: sentensi iligeuka kuwa ya kukana, na sababu ikatajwa.

Mimi huona utafiti huo ndio babu wa mstari wetu wa Kiarabu. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria iliyoamuru maneno yenyewe, neno kwa neno, kwa michezo yenye vipande vidogo inayolengwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, na pia kwa maputo, gololi na mipira midogo. Onyo, hatari ya kukabwa, vipande vidogo, si kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Hakuna "tafadhali," hakuna "tunashauri." Ulaya nayo ilikuwa na mwongozo wake wa usalama wa michezo tangu 1988, ukaandikwa upya mwaka 2009. Ule mpya unadai onyo lianze na neno lenyewe la onyo, na hatari inayosababisha katazo itajwe kwa ufupi. Ulaya ndiyo pia tunayoiona katika ile alama ya uso wa mtoto ndani ya duara jekundu lililokatwa mkato, na tarakimu 0-3.

Mwongozo huo una kipengele kimoja ambacho ningependa kila mnunuzi akijue. Mtengenezaji haruhusiwi kujikinga kwa onyo. Kama mchezo ni wa kitoto wazi, tuseme kayamba la kutikiswa na mtoto anayejifunza kukaa, huwezi kukiacha kipande kinachochomoka halafu ukabandika kwamba haufai kwa walio chini ya miezi 36. Onyo halibadilishi mchezo wa mchanga kuwa wa mkubwa. Kwa hiyo ukiona njuga la mtoto wa miezi minane lina alama ya 0-3 iliyokatwa, hapo kuna kasoro kwenye mchezo wenyewe, na maandishi yanatumika kuifunika.

Nchi za Ghuba zilichukua njia ya Ulaya. Shirika lao la pamoja la viwango lilitunga kanuni ya kiufundi ya michezo ya watoto, na kuanzia mwaka 2014 michezo ikawa miongoni mwa bidhaa za kwanza kulazimika kubeba alama ya Ghuba, ile herufi ya G iliyochorwa kwa mtindo wake. Kanuni inataka maonyo yawe kwa Kiarabu. Kiingereza kinaweza kukaa kando, lakini hakitoshi peke yake. Ndiyo maana maboksi mengi ya huko husema "miezi 36," hesabu ya Ulaya, pale ambapo Mmarekani angesema miaka mitatu.

Na Kiarabu chake kimenyooka. Ghairu munasib: si ya kufaa. Kinachofuata ni khatar, hatari, na jina lake, ikhtinaq. Neno hilo la mwisho ndilo pekee ambalo Mswahili halitambui haraka, na ni neno pana. Linabeba kukosa pumzi kwa namna yoyote: kipande kilichokwama kooni, mfuko wa plastiki uliofunika uso, kamba iliyozunguka shingo. Sisi tuna maneno tofauti. Maji yakienda njia ya pembeni umepaliwa, mfupa wa samaki umekukwama, mkono wa mtu umekukaba, kamba imekunyonga. Mwarabu anaweza kutumia khatar al-ikhtinaq kwa yote, kisha neno linalofuata ndilo linakwambia ni ipi. Likifuata ajzaa saghira, ni koo. Likifuata kis, ni ule mfuko wa plastiki unaokuja na mchezo. Mtu akitafsiri khatar al-ikhtinaq kuwa "hatari ya kunyongwa" akaishia hapo, mama atatafuta kamba na kuacha viatu vya mwanasesere mkononi mwa mtoto.

Nilizipeleka picha tano kwa mzee mmoja wa mtaa wa Nubia mjini Kisii. Wanubi walifika huku na majeshi ya Waingereza, askari wa Keya, mwanzoni mwa karne iliyopita, na lugha yao, Kinubi, ilizaliwa kambini kutokana na Kiarabu. Nilidhani atasoma kama gazeti. Alivaa miwani, akasogeza simu mbali, akairudisha.

"Hii tahdhir naijua, na khatar naijua," akasema. "Lakini hii atfal nimeijua madrasa, si nyumbani. Kwetu mtoto ni nyereku."

"Kwa hiyo mama wa Kinubi asiyesoma madrasa hataelewa?"

"Ataelewa kuna hatari. Hataelewa ya nani."

Jibu hilo limenikaa. Hatari bila mwenyewe si onyo, ni kelele. Na hali ya wasemaji wa Kiswahili na Ekegusii ndiyo hiyohiyo: tunaweza kunusa tahadhari kwenye mstari, lakini umri na sababu, yale mambo mawili yaliyoshusha 44 hadi 5, ndiyo tunayoyakosa.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Maboksi mengi ya Ghuba huandika umri kwa tarakimu tunazotumia sisi, na hapo hakuna shida. Mengine hutumia tarakimu za Kiarabu cha mashariki. Katika hizo, sifuri ni nukta tu, sita inafanana na saba yetu, na tano ni kiduara kama sifuri yetu. Mchezo wa miaka mitano na zaidi unaonyesha kiduara na alama ya kujumlisha. Mtu wa Keroka akiutazama anaona sifuri na zaidi, yaani hata aliyezaliwa jana. Kosa la sita na saba humfanya mzazi awe mwangalifu kupita kiasi, hakuna aliyeumia. Hili la tano na sifuri linageuza katazo kuwa ruhusa. Namna ya kutambua ni rahisi: tafuta tarakimu nyingine yoyote kwenye boksi, kama ya uzito au idadi ya vipande. Ukiona nukta zinakaa mahali pa sifuri, jua kwamba kile kiduara ni tano.

Sasa tuchukue boksi moja, lile la mwanasesere. Binti mmoja wa Nyamira anafanya kazi za nyumbani Riyadh. Mtoto wake, mwaka mmoja na miezi minane, analelewa na mama yake mzazi karibu na Keroka. Binti alinunua mwanasesere mwenye nywele ndefu, kitana, mkoba na jozi mbili za viatu. Alilipiga picha boksi pande zote mbili akaituma kwa WhatsApp kwa furaha, kisha akalitupa lile boksi. Si uzembe. Katoni la kusafirisha mizigo nyumbani lina nafasi yake na bei yake, na boksi la mwanasesere limejaa hewa. Huwezi kulipia hewa kutoka Riyadh mpaka Keroka wakati ungeweza kutia blanketi. Kila mtu anayefunga katoni anajua hilo, kwa hiyo michezo husafiri uchi, imeviringishwa ndani ya nguo.

Nilipoikuza ile picha, upande wa mbele ulikuwa na maua na jina la mwanasesere. Upande wa nyuma, chini, kulikuwa na ile alama ya 0-3, herufi ya G, na mistari minne ya Kiarabu. Wa kwanza ni ule niliofungua nao. Wa pili ulisema yustakhdam tahta ishraf mubashir min al-balighin, kitumike chini ya uangalizi wa moja kwa moja wa watu waliobaleghe. Wa tatu ulihusu mfuko wa plastiki, kwamba uwekwe baidan, baidi, mbali na watoto. Wa nne ndio pekee uliokuwa na adabu. Ulianza na yurja, inaombwa, ukaendelea kuomba maalumati haya yahifadhiwe kwa ajili ya kurejewa baadaye.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kwenye boksi zima, neno la kuomba lilitumika mara moja tu, kuomba boksi lisitupwe.

Nyanya alikuwa na ile picha kwenye simu yake, lakini imeshapita kupitia kwa watu wawili, na kila ilipotumwa ilibanwa ikapungua ukali. Maua yalionekana. Mistari minne ilikuwa ukungu. Hili nimeliona kwenye picha nyingi nilizokusanya: maandishi ya onyo ndiyo madogo kuliko yote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufa picha ikibanwa. Asubuhi nilimwomba binti picha nyingine, akaitafuta ile ya asili kwenye simu yake akaituma kama faili, si kama picha. Faili haibanwi. Kila herufi ilisomeka.

Kisha tukapima. Kiatu cha mwanasesere kilikuwa na urefu wa milimita 24 na upana wa 11. Nilikilaza mezani nikakifunika kwa kizibo cha soda, kikapotea chote. Kitana kilikuwa kirefu, milimita 70, kikasimama nje ya kipimo. Mkoba uliingia ukizungushwa. Kwa hiyo, vitu vitano vya kuwekwa juu ya kabati: viatu vinne na mkoba. Mwanasesere mwenyewe tulimvuta mikono na kichwa kwa nguvu ya mtu mzima, hakuna kilichotoka. Huyo akabaki na mtoto. Kama huna kizibo cha soda karibu, kile kigurudumu cha karatasi kilicho katikati ya shashi ya chooni kinafaa pia. Ni kipana zaidi ya kile kikombe cha chuma, hivyo kitakataa vitu vingi zaidi, na kwa nyumba yenye mtoto hilo si hasara. Ila mipira midogo usiiamini kwa kizibo. Mpira huziba koo hata ukiwa mkubwa kuliko mdomo wa kikombe, na sheria ya Marekani ya 1994 iliuwekea kipimo chake, milimita 44.4.

Nyanya alitutazama tukifanya haya yote kwa subira ya mtu aliyelea watoto saba. Akauliza, kwani maharagwe nayo yana boksi? Ni swali la haki. Punje ya mahindi, haragwe, njugu, vyote vinapotea chini ya kizibo cha soda, na kila jiko la Kisii limejaa navyo. Wanyama wadogo wa mawe wanaochongwa Tabaka nao husafiri dunia nzima wakiuzwa kama mapambo, na katika sheria ya Ulaya pambo si mchezo, hata likiwa kiboko kinachoenea kiganjani mwa mtoto. Onyo la boksi halikuandikwa kuziba hatari zote za nyumba. Liliandikwa kwa kitu kimoja: kile ambacho mtu mzima anampa mtoto mkononi kwa makusudi, akiamini ni chake. Haragwe mtoto analiokota. Kiatu cha mwanasesere tunampa sisi, tena kwa bashasha.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuandika tafsiri, kwa sababu nyanya alitaka karatasi ya kubandika ukutani. Jaribio la kwanza lilikuwa tafsiri sahihi kabisa: "Onyo: haifai kwa watoto walio chini ya umri wa miezi 36." Nyanya akaisoma akasema sawa, kisha akauliza mtoto ana miezi mingapi kwani. Huku watu hawahesabu miezi baada ya mwaka wa kwanza. "Haifai" nayo, kwa Kiswahili cha Kenya, imechoka. Tunaiambia nguo isiyopendeza kwamba haifai, na tabia mbaya kwamba haifai. Ghairu munasib ina uzito wa sheria nyuma yake huko ilikoandikwa. Haifai ya ukutani Nyamira haina polisi.

Kwa hiyo nikarudi kwenye yale mambo mawili ya 1991, katazo na sababu, na kumwambia mtu anayeshika kitu mkononi badala ya kukielezea kitu. Kiswahili kina namna yake ya ukali, nayo ni kitenzi cha kukataza kikiwa mbele. Nikaandika kwa kalamu nene, na chini yake binamu ya yule binti akaongeza maneno hayohayo kwa Ekegusii:

Usimpe viatu na mkoba wa mwanasesere mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Vitamkwama kooni akose pumzi. Hata akilia.

Hayo mawili ya mwisho hayamo kwenye boksi lolote la Ghuba. Aliyeyadai ni nyanya.